Vocha ya zawadi ya spa: iandikwe fedha au huduma, na iishe lini?

Mezani kwangu kuna kadi mbili za spa moja iliyo upande wa Capri Point, hapa Mwanza. Zote nimezichora mimi. Ya kwanza imeandikwa "Vocha ya zawadi, Tsh 70,000/=". Ya pili imeandikwa "Masaji ya mwili mzima, dakika 60". Anayenunua analipa kiasi kilekile kwa zote mbili. Mwenye spa alitaka nimchagulie moja tuchape nakala mia mbili, na kabla sijamjibu nilimuuliza swali moja: "Dada, siku mgeni akija na kadi hii, nani atakuwa mapokezi?" Akasema, "Binti yeyote wa zamu, kaka. Mimi mara nyingi sipo."

Jibu hilo ndilo lililoamua mengi yanayofuata. Vocha ya zawadi ina wasomaji watatu. Yupo aliyelipa, ambaye anaijua bei. Yupo aliyepewa, ambaye hakuwepo wakati wa kulipa na hajui walikubaliana nini. Na yupo binti wa mapokezi, ambaye miezi minne baadaye anapokea karatasi asiyoikumbuka kutoka kwa mtu asiyemfahamu. Kadi ikimwacha mmoja wao akikisia, ugomvi unatokea pale kaunta, tena mbele ya mtu aliyekuja kupumzika.

Kiasi cha fedha au jina la huduma

Tuanze na kadi ya fedha. Uzuri wake ni kwamba mpokeaji anachagua mwenyewe. Akitaka masaji, sawa. Akitaka kusingwa mwili, au kusafishwa miguu na kucha, sawa pia. Kwa mwenye spa hesabu nayo ni nyepesi: amepokea elfu sabini, anadaiwa elfu sabini, basi.

Ubaya wake unaonekana bei zikipanda. Chukua mfano wa kadi hii. Imenunuliwa mwezi Machi, masaji ya saa moja ikiwa elfu sabini. Julai spa inapandisha hadi elfu themanini. Mpokeaji anakuja Agosti akijua ameletewa zawadi ya masaji, kwa sababu ndivyo alivyoambiwa. Anapumzishwa, anapakwa mafuta, halafu akiwa anavaa viatu anaambiwa aongeze elfu kumi. Hapo zawadi imegeuka kuwa punguzo la bei. Wengi watalipa bila kusema neno, lakini hawatarudi, na aliyewapa zawadi hataambiwa kwa nini.

Kuna jambo la pili, ambalo kwetu ni zito zaidi. Kadi ya fedha inamwonyesha mpokeaji bei. Mkwe akimpa mama mkwe wake kadi yenye "70,000/=" kwa maandishi makubwa, amemkabidhi zawadi pamoja na risiti yake. Baadhi ya watu hawajali, na kwa zawadi ya kikundi cha akina mama wa VICOBA au ya ofisini kiasi kuonekana ni sawa kabisa, maana wachangiaji wenyewe wanataka kijulikane. Lakini zawadi ya mtu mmoja kwa mzazi au kwa mwenza hupendeza zaidi ikitaja kitu atakachofanyiwa.

Kadi ya huduma inatatua yote mawili. Bei haionekani, na bei ikipanda mpokeaji haguswi. Gharama inabaki kwa mwenye spa, na inahesabika: kadi ishirini zikiwa bado mikononi mwa watu siku bei inapopanda kwa elfu kumi, kiasi cha juu anachokosa ni laki mbili. Nilimwandikia hesabu hiyo kwenye karatasi ili aione. Aliitazama akasema anaimudu, mradi isiwe kadi ishirini za mwaka jana na ishirini za mwaka juzi. Hilo tutalirudia kwenye muda.

Udhaifu wa kadi ya huduma ni mpokeaji asiyeweza au asiyetaka huduma hiyo. Mama mjamzito katika miezi mitatu ya kwanza, kwa mfano, spa nyingi hazimpokei kwa masaji. Mwenye shinikizo la juu la damu ambalo halijatulia hatalazwa kwenye mawe ya moto. Na wapo watu ambao hawataki kabisa kushikwa mwili na mtu wasiyemjua, ila wangefurahi kusafishwa uso. Kama kadi inasema "masaji" na imeishia hapo, binti wa mapokezi hana ruhusa ya kubadilisha, na mpokeaji anaondoka na karatasi isiyomfaa.

Dawa yake ni sentensi moja nyuma ya kadi: "Inaweza kubadilishwa kwa huduma nyingine yenye thamani ileile." Sasa binti ataijuaje thamani kama kadi haikuandikwa bei? Hapo ndipo namba ya kadi inafanya kazi. Kila kadi ina namba yake, na kwenye daftari la mapokezi namba hiyo ina mstari wake: tarehe ya kuuzwa, huduma, kiasi kilicholipwa, jina la mnunuzi, siku ya mwisho, na nafasi ya kusaini siku ikitumika. Mpokeaji akitaka kubadilisha, binti anafungua daftari, anaona elfu sabini, anapendekeza huduma za kiasi hicho. Bei inabaki ndani ya nyumba.

Kama bado unataka kadi ya fedha, na kuna spa zinazoihitaji kwa sababu wateja wake wakubwa ni maofisi, basi amua mapema kuhusu chenji. Mtu ana kadi ya laki moja, ametumia elfu sabini. Zile elfu thelathini zinakwenda wapi? Ukinyamaza, mpokeaji atadhani anarudishiwa taslimu na binti atadhani zimepotea. Mimi hupendekeza salio libaki kwenye kadi hadi tarehe ileile ya mwisho, na nyuma ya kadi ninachora jedwali dogo la mistari mitatu na safu nne: tarehe, kilichotumika, salio, sahihi. Halafu ninaandika wazi kwamba haibadilishwi na fedha taslimu.

Usiache nafasi ya kujaza kiasi kwa kalamu. Kadi iliyoandikwa "Tsh ______ 50,000/=" kwa mkono inahitaji tarakimu moja tu mbele ili iwe 150,000. Chapa kiasi chenyewe, kwa tarakimu na kwa maneno kama kwenye cheki, na uwe na aina mbili tu, elfu hamsini na laki moja. Anayetaka laki na nusu apewe zote mbili.

Miezi mitatu, sita au mwaka

Mwenye spa alitaka miezi mitatu, na sababu yake ilikuwa ya kweli: fedha ya vocha ni deni. Imeshaingia, pengine imeshanunua mafuta na mataulo, lakini kazi haijafanyika. Deni la aina hiyo likikaa muda mrefu linasahaulika, kisha linakuja lote Desemba wakati vitanda vimejaa.

Lakini tazama miezi mitatu inavyoliwa. Mnunuzi ananunua kadi wiki tatu kabla ya kicheni pati. Bibi harusi anapewa siku ya sherehe, halafu anaingia kwenye sendofu, harusi, na kuhamia kwake. Imebaki miezi miwili, na wiki za kwanza za ndoa amejaa wageni. Au mama aliyejifungua: dada zake wanamnunulia kadi mtoto akiwa na wiki moja, wakati yeye hatoki mpaka arobaini. Akitoka, zaidi ya theluthi ya muda wake imekwisha, na mtoto mchanga hamwachii saa mbili za peke yake. Au mpokeaji anaishi Nansio, Ukerewe, anavuka kwa meli kuja Mwanza anapokuwa na shughuli. Kumwambia mtu huyo miezi mitatu ni kumwambia asafiri kwa ajili ya kadi.

Mwaka mzima ni muda wa ukarimu, na kwa kadi ya fedha ndio ninaoupendekeza, kwa sababu bei zikipanda mwenye spa hapotezi kitu: elfu sabini inabaki elfu sabini. Kwa kadi ya huduma mwaka ni mrefu kidogo, maana hapo yeye ndiye anayebeba kupanda kwa bei. Kwa hiyo kadi ya huduma niliipa miezi sita. Hii ndiyo sababu huwezi kuchagua muda kabla hujachagua aina ya kadi.

Ukichukua maneno ya kadi kutoka kwenye violezo vya mtandaoni, angalia yametoka wapi. Ireland, tangu Desemba 2019, sheria inataka vocha ya zawadi idumu angalau miaka mitano. Australia, tangu Novemba 2019, ni miaka mitatu. Ndiyo maana utakutana na kiolezo kinachosema miaka mitano na ukashangaa ukarimu huo. Ni sheria ya kwao. Nakili mapambo ukipenda, ila masharti yaandike ya kwako.

Jinsi ya kuandika muda ina uzito sawa na muda wenyewe. "Inatumika ndani ya miezi 6" haimsaidii mpokeaji, kwa sababu hajui hesabu inaanza lini. Tangu iliponunuliwa? Tangu alipopewa? Andika tarehe moja, mwezi kwa jina: "Itumike hadi 30 Septemba 2026." Usiandike 05/06/2026, kwa sababu mmoja atasoma tarehe tano Juni na mwingine, aliyezoea mpangilio wa Kimarekani, atasoma tarehe sita Mei. Mimi husogeza siku ya mwisho hadi mwisho wa mwezi. Kadi iliyouzwa 12 Machi inaisha 30 Septemba. Mnunuzi amepata siku kumi na nane za bure, na binti wa mapokezi anakumbuka tarehe za mwisho wa mwezi tu.

Kisha kuna swali ambalo kadi nyingi nilizoziona hazilijibu: ile tarehe ni ya kupiga simu au ya kufika? Mpokeaji anapiga simu tarehe 28 kuweka miadi, anaambiwa nafasi ya karibu ni tarehe 3 ya mwezi unaofuata. Kadi imekufa au iko hai? Kwa hii tuliandika: "Ukiweka miadi kabla ya tarehe hii, tutakuhudumia hata kama nafasi itapatikana baada yake." Ni maneno mengi kwa kadi ndogo, lakini yanastahili nafasi yake, kwa sababu watu wengi hukumbuka vocha katika wiki ya mwisho.

Na aliyechelewa kweli? Tulikubaliana jambo ambalo halijaandikwa kwenye kadi ila limeandikwa ukurasa wa kwanza wa daftari: ndani ya siku thelathini baada ya tarehe kupita, kadi ya huduma inageuka kuwa fedha. Kile kilicholipwa kinahesabiwa kwenye bei ya sasa, naye anaongeza tofauti. Baada ya hapo imekwisha. Binti ana la kusema bila kumpigia bosi.

Isifanane na kadi ya mchango

Sura nayo ni sehemu ya zawadi, na hapa kwetu kuna mtego ambao violezo vya nje haviujui. Bahasha nyeupe ndefu, kadi ya rangi ya dhahabu, jina lako kwa kalamu kwenye mstari wa nukta, neno "kiasi" na neno "mwisho": hiyo ni kadi ya mchango wa harusi. Kila mtu Mwanza ameipokea mara nyingi. Sampuli yangu ya kwanza ilikuwa na dhahabu na maua, na mama mmoja niliyempa aitazame aliuliza kabla hajaifungua, "Ni ya lini, na tunachanga ngapi?" Nikaiondoa dhahabu siku hiyohiyo. Neno "vocha" peke yake nalo linawakumbusha watu salio la simu, kwa hiyo kwa mbele niliandika "Zawadi kwa ajili yako", na "vocha ya zawadi" ikashuka chini kwa herufi ndogo.

Picha nazo zina uchaguzi. Mawe meusi yaliyopangwa na ua jeupe ni picha ya kila spa duniani. Lakini mji huu umejengwa juu ya mawe, na jiwe la Bismarck limesimama majini likiwa na mengine chini yake. Nilichora umbo la mawe ya ziwani kwa mistari michache ya kijivu kwenye karatasi ya rangi ya maziwa, na mstari mmoja wa buluu wa maji. Anayeitazama anajua zawadi imetoka wapi.

Kwa ukubwa, nilichagua theluthi ya karatasi ya A4, yaani milimita 210 kwa 99. Bahasha zake zinapatikana steshenari, na A4 moja inatoa kadi tatu. Angalizo tu: zikipangwa tatu kwenye A4 moja hakuna ukingo wa kukata, kwa hiyo rangi isifike pembeni, la sivyo kisu kikiteleza kidogo utaona mstari mweupe. Acha nafasi ya milimita tano tupu kuzunguka. Karatasi iwe ngumu, gramu 300, na isiwe ya kung'aa. Kadi iliyowekwa lamineshi inapendeza, lakini kalamu ya wino wa kawaida haishiki juu yake. Jina la mpokeaji linafutika kwa kidole, hasa kidole chenye mafuta.

Mstari wa jina usiwe mfupi. Violezo vingi vina nafasi ya sentimita tano, ya kutosha jina moja. Kwetu mtoaji anaandika jina la mume na mke, au la kikundi kizima. Nilitoa sentimita kumi kwa "Kwa" na kumi kwa "Kutoka kwa". Mbele hakuna kingine ila huduma. Masharti, namba, tarehe, simu na muhuri vyote viko nyuma, kwa herufi ambazo mtu wa miaka sitini anazisoma bila kuisogeza kadi dirishani. Kwenye namba usitumie herufi O wala I, kwa sababu kwa simu zinasikika au kusomwa kama sifuri na moja.

Karatasi au simu

Baadhi ya wanunuzi wako Dar, wanalipa kwa simu ili mama yao aliye Pasiansi afanyiwe masaji. Kwao picha ya kadi kwa WhatsApp inafaa, mradi ukumbuke kwamba picha inasambazwa. Kadi ya karatasi yenye muhuri ni moja tu. Picha inaweza kufika kwa watu watano. Kinachozuia ni daftari: namba ikishasainiwa, imetumika, awe ameileta nani. Andika hivyo kwenye picha yenyewe.

Mama akiwa na simu ya kitochi, ujumbe mfupi unatosha. Huu una herufi chini ya 160, kwa hiyo unakwenda kama ujumbe mmoja:

"Umepewa zawadi ya masaji dakika 60. Namba ya zawadi: M-0417. Itumike hadi 30 Juni 2027. Weka miadi kwanza kwa simu hii. Mtoaji: wanao wa Dar."

Si zuri la kushika mkononi kama kadi, na kama mtoaji anaweza kufika spa mwenyewe namshauri achukue karatasi.

Tulichochapa

Mwisho tulichapa kadi mia moja na hamsini za huduma na hamsini za fedha za laki moja, kwa ajili ya maofisi na vikundi. Nyuma ya kadi ya huduma panasomeka hivi:

"Kadi hii imeshalipiwa, huongezi chochote kwa huduma iliyotajwa. Itumike hadi ________ (andika mwezi kwa jina). Ukiweka miadi kabla ya tarehe hii, tutakuhudumia hata kama nafasi itapatikana baada yake. Inaweza kubadilishwa kwa huduma nyingine yenye thamani ileile, au kupewa mtu mwingine. Haibadilishwi na fedha taslimu. Tuambie kama una mimba au shinikizo la damu unapoweka miadi. Kadi namba ________."

Kabla ya kuwasha printa niliwapa sampuli watu watatu ambao hawakujua lolote, mmoja akiwa binti wa mapokezi aliyeanza kazi wiki hiyo. Niliwauliza: utafanyiwa nini, mwisho lini, na utalipa ngapi ukifika? Wawili walijibu yote. Wa tatu alisema, "Nitalipa nusu, sivyo?" Ndipo ile sentensi ya "imeshalipiwa, huongezi chochote", iliyokuwa chini kabisa, ikapanda juu na kuwa ya kwanza.